Simu kutoka Marekani kwenda Tanzania: jinsi ya kupata bei halisi ya dakika moja

Droo ya meza yangu hapa Houston ina kadi kumi na moja za kupigia simu, zote zimeshakwanguliwa, na zote zilinunuliwa dukani kwa Mpakistani mmoja jirani na kituo cha mafuta. Kila moja imeandikwa kwa maandishi makubwa idadi ya dakika za kuzungumza na Tanzania. Sikuwahi kuzipata dakika hizo. Nilizihifadhi kwa hasira mpaka siku nilipoamua kukaa na daftari, kalamu na saa, nikazipima kadi, apu na vifurushi kwa kipimo kimoja. Kazi ilinichukua wiki sita za Jumapili, na nilichokiona kilinifanya nibadilishe hata anayempigia mwenzake kati yangu na mama.

Bei nitakazozitaja ni za siku nilizopima. Zako zitakuwa tofauti, kwa hiyo usizinakili. Kinachofaa kunakiliwa ni hesabu.

Hatua ya 1: Anza na simu iliyoko upande wa pili

Watu wengi huanza kwa kuuliza apu ipi ni nafuu. Swali hilo lina haraka. Kwanza uliza anayepokea ameshika simu gani, na pale alipo pana mtandao gani.

Dada yangu yuko Tanga mjini, ana simu janja na bando la mwezi. Kwake WhatsApp inatosha na mazungumzo yamekwisha. Mama yuko juu milimani, Lushoto, na ana kiswaswadu cha vitufe ambacho betri yake inakaa siku tano. Hataki kingine. Nilimpelekea simu janja mwaka fulani, akaifunika kitambaa akaiweka kabatini, na wajukuu ndio wanaoichezea. Basi kwa mama apu za bure hazipo. Lazima niifikie namba yake ya kawaida, na hapo ndipo pesa inapoanza kuliwa.

Andika orodha ya watu wako, kila mmoja na simu yake. Utakuta hesabu ngumu inahusu mtu mmoja au wawili tu. Wapimie hao.

Hatua ya 2: Jua pesa inakwenda wapi

Simu inapotoka nchi moja kwenda nyingine, kampuni ya huko inakofikia hutoza ada ya kuipokea na kuifikisha kwenye laini ya mteja wake. Ada hiyo ndiyo kitovu cha bei yote. Kuingiza simu Marekani kunagharimu chini ya senti moja ya dola kwa dakika. Kuingiza simu Tanzania kutoka nje kunagharimu senti nyingi zaidi, na tangu 2013 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ina mtambo unaoitwa TTMS unaohesabu simu hizo zinapoingia. Kwa hiyo hata kampuni ya apu iwe na huruma namna gani, ikikupeleka kwenye laini ya Tanzania kwa njia halali, inalipa ada hiyo kwanza ndipo iweke faida yake.

Mambo mawili yanatokana na hapo. La kwanza, ukiona bei ya kwenda Tanzania iko chini mno kuliko za wengine wote, kuna kitu kimefichwa: ama ni ada nyingine zitakazokuja baadaye, ama ni njia ya uchochoroni nitakayoieleza mbele. La pili, safari ya kutoka kwako kwenda kwa mama na safari ya kutoka kwa mama kuja kwako hazina bei moja, ingawa umbali ni uleule. Hilo nitalirudia, maana ndilo lililoniokoa.

Jambo jingine dogo: usipige kwa laini yako ya Marekani moja kwa moja bila kifurushi cha nje. Bei ya kawaida huko inaweza kuzidi dola moja kwa dakika. Nimemwona mtu akililia bili ya msiba mmoja.

Hatua ya 3: Shika kanuni moja tu

Sahau bei iliyotangazwa. Bei halisi ya dakika ni hii:

```
bei halisi = pesa yote iliyotoka / dakika zilizosikika
```

Pesa yote iliyotoka ni pamoja na kodi, ada ya kuongeza salio, na salio lililoozea ndani. Dakika zilizosikika ni zile ambazo mlielewana. Dakika tatu za "haloo, haloo, unanisikia?" umezilipia, lakini haziingii chini ya mstari.

Sasa chukua kadi moja uitazame nyuma, kwenye maandishi yanayohitaji miwani. Utakuta ada ya kuunganisha kila simu. Utakuta ada ya matunzo inayokatwa kila wiki, hata kadi ikiwa mfukoni. Utakuta ada ya ziada ukipiga kupitia namba ya bure inayoanza na 800 badala ya namba ya mji wako. Utakuta kwamba muda unahesabiwa kwa mafungu, kwa mfano dakika tatu tatu, na kwamba bei ya simu za mkononi si ile ya simu za mezani. Na mara nyingi utakuta sentensi inayosema dakika zilizotangazwa ni za simu moja tu iliyopigwa bila kukatwa. Nani anaongea na mama yake dakika arobaini mfululizo na mtandao wa mlimani usikatike?

Ile sauti inayokuambia "una dakika 40" kabla simu haijaita usiiamini pia. Mwaka 2008 tume ya Marekani inayolinda wateja, FTC, ilizishtaki kampuni za kadi baada ya kununua kadi zenyewe na kuzijaribu. Ilikuta zinatoa karibu nusu tu ya dakika zilizoahidiwa. Nusu. Niliposoma hilo nilijisikia vizuri kidogo, maana nilidhani mimi ndiye mjinga peke yangu.

Apu zinazopiga namba za kawaida, kama Rebtel, Viber Out au Google Voice, huwa wazi zaidi: unaona bei ya dakika kabla ya kupiga. Bei za Google Voice, kwa mfano, ziko voice.google.com/rates. Skype, ambayo wengi wetu tuliizoea kwa kazi hii, ilifungwa Mei 2025, kwa hiyo anayekushauri ununue salio la Skype hajaingia huko siku nyingi. Lakini hata apu iliyo wazi inaweza kuhesabu dakika nzima nzima. Ukiongea dakika 1 na sekunde 5, unalipa dakika 2. Kwa bei ya senti 27, sekunde hizo 65 zimekutoka senti 54. Mtu wa simu fupi fupi za "mama umeamkaje, haya kwaheri" anaumizwa na hilo kuliko anavyoumizwa na bei yenyewe. Tafuta kwenye maelezo kama wanahesabu kwa dakika au kwa sekunde.

Hatua ya 4: Pima kwa pesa ndogo, saa ileile

Weka kama dola 5 kwa kila njia, usizidishe sana. Piga saa ileile ya siku ileile ya wiki, kwa sababu minara ya kijijini inaelemewa jioni na utapata jibu la uongo ukilinganisha kadi ya asubuhi na apu ya usiku. Mimi hupiga Jumapili saa tatu asubuhi ya hapa. Wakati wa baridi huko nyumbani inakuwa saa kumi na mbili jioni. Wakati wa joto, saa za hapa zikisogezwa, inakuwa saa kumi na moja.

Daftari langu lina safu tano: tarehe, njia, salio kabla na baada, muda wa simu yangu kwa saa yangu mwenyewe, na muda uliopotea. Saa ya pembeni ni muhimu. Ile ya kwenye skrini ya apu ni ya muuzaji, na ziko apu ambazo saa yao inaanza kukimbia huku simu bado inaita. Hilo utaligundua kwa macho: sikio linasikia mlio wa kuita, skrini inasoma sekunde ya nane, ya tisa, ya kumi. Likitokea mara moja, samehe. Likitokea mara tatu, futa hiyo apu.

Haya ndiyo niliyoyapata kwa mama.

Kadi ya dola 5 iliyoahidi dakika 40. Nilipiga mara tatu: dakika 8 na sekunde 20, kisha dakika 5 na sekunde 40, kisha dakika 4 na nusu. Simu ya nne ikaniambia salio halitoshi. Jumla ni dakika 18 na nusu. Gawanya dola 5 kwa 18.5, unapata senti 27 badala ya senti 12 na nusu zilizotangazwa. Lakini ndani ya dakika hizo, tatu na nusu zilikwenda kwenye mwangwi na sauti kukatika, hivyo zilizosikika ni 15. Bei halisi: senti 33.

Apu iliyotangaza senti 27 kwa dakika. Simu tatu pia: dakika 7 na sekunde 10, ikahesabiwa 8, dakika 6 na sekunde 5, ikahesabiwa 7, dakika 4 na sekunde 50, ikahesabiwa 5. Nikalipa dakika 20, sawa na dola 5 na senti 40, kwa mazungumzo ya dakika 18 na sekunde 5. Karibu zote zilisikika. Bei halisi: senti 30.

Ona ilivyo. Kadi ilitangaza chini ya nusu ya bei ya apu, na mwishowe apu ndiyo iliyokuwa nafuu. Na iko hivi hata kabla ya kuhesabu kuchoka kwa masikio.

Vifurushi vya mwezi, vile vya kulipa kiasi kimoja upewe mamia ya dakika, vinapimwa kwa kanuni hiyohiyo. Gawanya kwa dakika ulizotumia kweli mwezi uliopita, wala si kwa zile unazoota utazitumia.

Hatua ya 5: Pima ubora kwa kuhesabu na mama

"Sauti nzuri" ni maneno ya kila mtu. Mimi nina kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote. Mnahesabu kwa zamu mpaka ishirini. Wewe unasema moja, yeye anasema mbili, wewe tatu, yeye nne, bila kuvutana. Unaanza saa unaposema moja, unaisimamisha unaposikia ishirini.

Mara ya kwanza mama alicheka.

"Mama, shikamoo. Leo tuhesabu kwanza."

"Marahaba. Tuhesabu nini, umetuma hela?"

"Tuhesabu namba tu, mpaka ishirini. Mimi naanza: moja."

"Mbili. Huko Marekani ndiyo mnachofundishwa hiki?"

Tulirudia. Ukihesabu hivyo na mtu mliokaa naye sebuleni, inachukua kama sekunde 14. Mpime mtu wa nyumbani kwako kwanza ili uijue yako. Kwa apu tulitumia sekunde 18, na kwa kadi sekunde 24. Chukua sekunde zilizozidi, gawanya kwa 20, kwa sababu kila namba imesafiri mara moja upande mmoja. Apu: 4 gawanya kwa 20, sawa na sekunde 0.2 kwa safari ya upande mmoja. Kadi: 10 gawanya kwa 20, sawa na nusu sekunde nzima.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lina pendekezo linalojulikana kama G.114. Linasema ucheleweshaji wa upande mmoja usiozidi milisekunde 150, yaani sekunde 0.15, hausumbui mazungumzo mengi, na usivuke milisekunde 400. Apu yangu ilikuwa katikati, mtu anaizoea. Kadi ilikuwa nje kabisa. Ndiyo maana mimi na mama tulikuwa tunarukiana maneno kila mara: mimi nadhani amenyamaza, naanza kusema, kumbe neno lake liko njiani. Miaka yote nilidhani mama anazeeka hasikii vizuri. Kumbe ni kadi.

Wakati wa kuhesabu sikiliza pia namba zilizomezwa. Ukisikia "kumi na... nne" pale ambapo palitakiwa namba nzima, pakiti za sauti zinapotea njiani. Ikitokea kwa njia moja tu, kosa ni la njia hiyo. Ikitokea kwa njia zote siku hiyo, basi ni mnara wa kule kwao au waifai yako. Toka kwenye waifai, piga kwa data ya simu, ulinganishe. Apu nyingine zina namba ya mji wako unayoipiga kama simu ya kawaida, nazo zinaendelea zenyewe kutoka hapo. Hizo hazitegemei intaneti yako kabisa, na kwa mtu mwenye intaneti dhaifu ndizo bora.

Hatua ya 6: Muulize ameona namba gani

Swali moja tu: "Mama, hapo imeandika namba gani?" Kama hajui kusoma tarakimu, mjukuu atasoma.

Ikitokea namba yako inayoanza na +1, safi. Ikitokea namba ya Tanzania inayoanza na 06 au 07 ambayo humjui mwenyewe, simu yako imepitia simboksi. Hii ni mashine yenye laini nyingi za kawaida za Tanzania, imefichwa chumbani mwa mtu. Simu yako inafika pale kwa intaneti, halafu mashine inampigia mama kwa laini ya ndani kana kwamba wako mtaa mmoja. Hivyo ada ya kimataifa inakwepwa, na ndiyo siri ya zile bei za kutupwa.

Ni kosa la jinai Tanzania, lakini ubaya wake kwako ni mwingine. Sauti imebanwa mara mbili, mara ya kwanza kwa intaneti na ya pili kwa mtandao wa simu, kwa hiyo inakuwa kama mtu aliye ndani ya pipa. Laini zikigunduliwa zinafungwa, nawe unakatika katikati ya sentensi. Tena mama akikosa simu yako akaipiga ile namba aliyoiona, hakupati, anaambiwa haipatikani. Akizoea kupokea namba asizozijua kwa sababu "huenda ni mwanangu wa Marekani", tapeli naye atapokelewa vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo peke yake mimi njia yoyote inayoonyesha namba ya kigeni kwake niliifuta hata kama ni nafuu.

Hatua ya 7: Kwa mwenye simu janja, hesabu bando lake

WhatsApp si bure. Inalipiwa na bando la pande zote mbili, na aliyeko nyumbani ndiye linalomuuma. Lakini ni kiasi gani? Fungua Settings, kisha Storage and data, kisha Network usage, uone data iliyotumika kwenye simu za sauti. Piga dakika 10, rudi uone imepanda kiasi gani. Kwetu na dada ilikuwa kama nusu MB kwa dakika kila upande. Tuseme bando lake ni MB 1,000 kwa shilingi 3,000: MB moja ni shilingi 3, dakika moja ni shilingi moja na nusu. Nusu saa nzima ni shilingi 45. Hakuna kadi wala kifurushi kitakachoshindana na hapo.

Mkiwasha video hesabu inageuka, maana picha inakula mara nyingi zaidi ya sauti, na dada akisema "kaka bando limeisha" usidhani anatania. Kwenye Storage and data kuna kitufe cha Use less data for calls. Kiwashe kwa yule mwenye mtandao dhaifu. Sauti inapungua utamu kidogo lakini inaacha kukatika.

Umpende anayepokea: ukimtumia bando la wiki la sauti za WhatsApp, umelipa kidogo kuliko dakika kumi za kadi.

Hatua ya 8: Igeuze simu

Nimesema kuingiza simu Marekani ni chini ya senti moja. Kampuni za simu za Tanzania zinalijua hilo, na huuza vifurushi vya kupiga nje ambamo nchi kama Marekani, Kanada, India na China kwa kawaida huwa kwenye kundi la bei nafuu. Mimi kupokea hapa sitozwi chochote, laini yangu ni ya mwezi isiyo na kikomo. Basi kwa nini nampigia mama? Anipigie yeye, mimi nilipe.

Tulifanya hivi. Dada aliweka salio kwenye laini ya mama kutoka Tanga kwa simu yake, kwa pesa niliyomtumia pamoja na ya matumizi. Mjukuu aliye nyumbani akaingia kwenye menyu ya vifurushi (kwa Vodacom ni *149*01#), akafuata sehemu ya vifurushi vya kimataifa. Siku ile walipata dakika 20 za siku saba kwa shilingi 3,000. Mama alipiga mara mbili, dakika 9 na nusu na dakika 7 na robo. Dakika tatu na robo zilizobaki zilikufa wiki ilipoisha. Gawanya 3,000 kwa dakika 16.75: shilingi 179. Nilibadilisha kwa shilingi 2,500 kwa dola, hivyo ni kama senti 7.

Senti 7, dhidi ya 30 za apu na 33 za kadi. Kwa kiswaswadu kilekile, bila intaneti upande wowote, na kuhesabu kulichukua sekunde 17.

Kabla hujashangilia, hakikisha mambo matatu. Menyu iseme wazi kwamba nchi yako imo kwenye kifurushi hicho, maana kuna vya Afrika Mashariki tu, na mama akipiga Marekani navyo vinakula salio la kawaida kwa bei ya kutisha. Muda wa kifurushi ulingane na mazoea yenu; cha saa 24 kinunuliwe Jumapili asubuhi, si Jumamosi. Na laini yako iwe haitozi simu zinazoingia. Ziko laini za kulipia kadiri unavyotumia ambazo zinatoza pande zote.

Kuna kikwazo kingine cha vidole. Tanzania hupiga nje kwa kutanguliza 000, halafu 1 ya Marekani, halafu namba. Mama hawezi kukumbuka yote hayo. Namba yangu imehifadhiwa kwenye simu yake kwa alama ya jumlisha: kwenye kiswaswadu, bonyeza kitufe cha nyota mara mbili haraka na + inatokea, kisha 1 na namba zangu kumi. Imewekwa kwenye kitufe namba 2, anakibonyeza akishikilia tu. Ukipiga wewe kutoka Marekani kwa njia ya kawaida ni 011, kisha 255, kisha namba yake bila ile sifuri ya mwanzo. Wengi hawaiondoi sifuri, simu haiendi, wanailaumu kadi.

Hatua ya 9: Weka njia mbili, si moja

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikayumba kwa siku kadhaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania, na waliotegemea WhatsApp peke yake hawakusikia sauti ya nyumbani kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mwenye simu janja umwekee njia ya namba ya kawaida, na mwenye kiswaswadu umwekee njia ya pili ya kupigiwa.

Mpangilio wangu wa sasa ni huu. Dada: WhatsApp ya sauti, na salio la dola 5 kwenye apu kwa dharura. Mama: kifurushi cha kimataifa kila Jumapili, na apu ileile kwa siku za katikati ya wiki anaponibipu. Hunibipu mara moja akiwa na habari ya kawaida na mara mbili ikiwa kuna mgonjwa. Salio la apu nalikagua kila mwezi, kwa sababu baadhi hufuta salio lisilotumika kwa muda mrefu, na kila baada ya miezi mitatu tunahesabu tena mpaka ishirini.

Jumapili iliyopita mama ndiye aliyeanza, kabla hata sijamaliza kuamkia. "Moja," akasema, akasubiri.